Alisikia honi vizuri kabisa, akakwepa akaingia mbele ya pikipiki: kisa cha mtu wa sikio moja barabarani

Mimi kazi yangu ni kupima usikivu, na kisa hiki nimeomba ruhusa ya mwenyewe kukiandika, jina lake silitaji wala mahali. Nakiandika kwa sababu watu wengi wakisikia "kiziwi barabarani" wanawaza mtu asiyesikia honi kabisa, na hilo lipo kweli, lakini kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi: mtu anasikia honi vizuri tu ila hajui imetoka upande gani, na mbaya zaidi anadhani anajua.

Huyu dada ana miaka arobaini na kitu hivi. Aliamka asubuhi moja sikio la kushoto limezima, likawa linavuma tu ndani, akadhani ni nta au mafua akasubiri. Hapa nitoke nje ya mada kidogo maana roho inaniuma kila nikikutana na hili: sikio likizima ghafla bila sababu hiyo ni dharura, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa sababu dawa za steroidi ndizo zinazojaribiwa na nafasi ya kupona inapungua kadiri siku zinavyopita, zikipita wiki kadhaa mara nyingi hakuna cha kuokoa tena. Yeye alichelewa. Kipimo chake sasa hivi kinaonyesha sikio la kulia ni zima kabisa, linasikia sauti za desibeli 10 hadi 15, la kushoto hata ukifika desibeli 90 halijibu kitu cha maana.

Sasa mtu wa hivi ukikaa naye chumba kimya mnaongea vizuri, humgundui. Kazini hawajui, majirani hawajui, na yeye mwenyewe alijiambia sawa, nimebaki na moja, nitakuwa naligeuza hilo zima kwenye barabara. Ndivyo alivyofanya. Huku magari yanapita kushoto, kwa hiyo akawa anatembea upande wa kushoto wa barabara, mgongo kwa magari yanayotoka nyuma, ili sikio la kulia liwe linaangalia lami. Ukilifikiria haraka haraka ni wazo zuri kweli.

Siku ya tukio kulikuwa na foleni, magari yamesimama. Pikipiki moja ikaamua kuikwepa foleni kwa kupita pembeni ya lami, kushoto, yaani ikawa inakuja nyuma yake upande wa bega lake la kushoto. Mwendesha pikipiki akamwona, akapiga honi mara moja fupi. Dada akasikia, na anasema alisikia honi kali kabisa KULIA, huko kwenye magari. Akafanya ambacho mtu yeyote angefanya, akakwepa haraka kwenda kushoto, mbali na lami. Akaingia moja kwa moja kwenye njia ya pikipiki. Mpini ukampiga mkononi, akaanguka, akachubuka na kutegua kifundo cha mkono, mwenye pikipiki naye akalala chini. Halafu kukawa na ugomvi, jamaa anamfokea "nimekupigia honi unaniingilia mbele makusudi!" na dada naye anaapa kwamba honi ilitoka kulia. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Ubongo unajua upande wa sauti kwa kulinganisha masikio mawili. Sauti ikitoka kushoto inafika sikio la kushoto kwanza, la kulia inafika ikiwa imechelewa kidogo mno, kwa kichwa cha mtu mzima tofauti haivuki sana 0.7 ya elfu moja ya sekunde, lakini ubongo unaikamata. Kitu cha pili ni ukubwa, kichwa kinaweka kivuli, sikio la mbali linapata sauti ndogo zaidi. Ukiwa na sikio moja vyote viwili vimekufa maana hakuna cha kulinganisha na kingine. Kila sauti inaingilia mlango mmoja, na ubongo unaiweka upande wa huo mlango.

Lakini kwa nini aliisikia kubwa hivyo wakati kichwa kilikuwa katikati? Hapo ndipo honi inapodanganya. Honi nyingi msingi wa mlio wake uko kama hezi 400 hadi 500, na mlio wa chini namna hiyo una wimbi refu, hezi 400 ni karibu sentimita 85, kichwa cha mtu ni kidogo sana kwake, wimbi linakizunguka tu na kufika upande wa pili bila kupungua sana. Ila sauti za juu, zile za msuguo wa tairi, mnyororo wa baiskeli, kokoto zinazokanyagwa, hizo zina mawimbi mafupi ya sentimita chache na kichwa kinazizuia vizuri, zinaweza kupungua desibeli 15 au hata 20 zikifika sikio la pili. Kwa hiyo upande wake uliokufa kuna mambo mawili yanatokea kwa pamoja: vile vitu vidogo ambavyo vingemwonya mapema kwamba kuna kitu kinakaribia havisikii, halafu kile kikubwa cha mwisho, honi, anakisikia kikamilifu lakini kikiwa kimehamia upande usio wake. Kwa tukio la namna hii, na kwa sekunde hiyo moja, asiyesikia kabisa angekuwa salama zaidi yake, maana angeendelea kwenda moja kwa moja na pikipiki ingempita.

Nilimfanyia jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya nyumbani. Simama katikati ya uwanja au chumba kikubwa, funga macho, mtu mwingine azunguke kimya kimya bila viatu akitikisa funguo au kupiga kofi moja, mbele, nyuma, kulia, kushoto, bila mpangilio, na we unyooshe kidole. Usigeuze kichwa. Mtu wa masikio mawili upande wa kulia na kushoto hakosei, mbele na nyuma anaweza kuchanganya kidogo. Huyu dada kidole kilikwenda kulia karibu kila mara, na kilichonishtua mimi siyo kukosea, ni uhakika wake, hakusita hata kidogo. Mumewe alikuwepo, akabaki ameshika funguo zake upande wa kushoto anamwangalia mkewe ananyoosha kidole ukutani kulia. Baada ya hapo hakuna mtu aliyehitaji maelezo yangu marefu.

Basi tukaanza kupanga. La kwanza na ndilo kubwa: honi ikilia, SIMAMA kwenye mstari wako, usikwepe. Anayepiga honi tayari amekuona na ameshapanga kukupita kutokana na pale ulipo, hatari kubwa ni wewe kuhama. Pikipiki kwenye spidi ya kilomita 25 kwa saa inakula mita 7 kila sekunde, akikupigia honi akiwa mita 10 nyuma yako una sekunde moja na nusu hivi, na muda huo unatosha kusimama na kugeuza shingo, hautoshi kubahatisha upande halafu kusahihisha. Shingo ageuze upande gani? Kushoto kwanza, upande uliokufa, siku zote, hata kama anasikia sauti kulia. Kulia sikio limeshamsaidia muda wote, kushoto hakuna aliyekuwa anaangalia. Na kwa yeye ni lazima asimame kwanza ndipo ageuke, maana tangu sikio lizime akigeuza kichwa ghafla anapata kizunguzungu kidogo na kuyumba, jambo la kawaida kwa watu waliopata tatizo kwa njia hii kwa sababu kiungo cha usawa wa mwili kiko hapo hapo ndani ya sikio.

Sheria hii ina mpaka wake. Inafaa unapotembea pembeni sambamba na barabara. Ukiwa katikati unavuka, kusimama ghafla kunaweza kukuweka mbele ya gari la pili, kwa hiyo kuvuka ni habari nyingine kabisa, pale sikio lisipewe kazi yoyote, kuangalia kote kumalizike kabla mguu haujaondoka ukingoni, na kama kuna gari limesimama linakuzuia kuona nyuma yake basi songa hadi ukingo wa gari hilo, simama tena, chungulia, ndiyo uendelee. Magari yakikupa nafasi kwenye foleni usiyashukuru kwa kukimbia, kati ya mistari ndiko pikipiki zinakopita.

La pili likamchukua muda kulikubali: abadilishe upande wa kutembea. Nilimwambia atembee upande wa kulia, magari ya upande wake yanamjia usoni. Akaniambia lakini dokta (mimi si dokta ila nimeacha kubishana), sasa lile sikio zima litakuwa linaangalia ukuta na bovu ndiyo liko barabarani! Kweli kabisa, na angekuwa amekufa la kulia tusingekuwa na mgogoro huu, angepata vyote viwili. Lakini ukiweka macho na sikio moja kwenye mizani, macho yanashinda kwa mbali. Gari linalokuja usoni unaliona likiwa mita mia na zaidi, unaona spidi yake, unaona kama dereva ameshika simu, na unajua upande bila kubahatisha. Sikio moja linakupa tu taarifa kwamba kuna kitu mahali fulani. Kinachobaki nyuma ni wanaopita kinyume na sheria na baiskeli, hao ndio shingo inawashughulikia: hakuna hatua ya pembeni, hata ya kukwepa dimbwi, bila kuangalia juu ya bega kwanza. Pale penye njia ya miguu iliyoinuliwa kutoka kwenye lami upande si neno sana.

Halafu mambo madogo ambayo kwa mtu wa sikio moja si madogo. Hedifoni moja tu "ili nisikie na barabara" ni desturi ya wengi, yeye akiiweka anaiweka kwenye sikio zima bila shaka, na hapo amekuwa kiziwi kamili. Simu vilevile, akiibana sikioni barabarani ndiyo amefunga mlango pekee alionao, basi simu ikilia asimame kwanza mbali na lami. Mwavuli kwenye mvua kubwa unapiga kelele juu ya sikio na unafunika macho pia, koti la mvua ni nafuu ila kofia yake inaziba pembeni, inabidi ageuze mabega mazima siyo shingo tu. Na akitembea na mtu, watu wamezoea kukaa upande wake mzima ili waongee, ni ukarimu huo, lakini kando ya barabara mtu mzima mwenzake akae upande uliokufa, maongezi yasubiri.

Vyombo vya umeme vinastahili maneno yao. Gari la kawaida likipita kama kilomita 40 au 50 kwa saa kelele kubwa ni ya tairi siyo injini, kwa hiyo kwenye spidi hiyo gari la umeme na la mafuta hayatofautiani sana. Shida ni spidi ndogo, kwenye maegesho, kwenye kona, likirudi nyuma. Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 138 inayotaka magari ya umeme yatoe mlio wa kutengenezwa hadi spidi ya kilomita 20 kwa saa, lakini hiyo inahusu magari, mabasi na malori, pikipiki na baiskeli za umeme hazimo, na hizo ndizo zinazopita karibu kabisa na mtembea kwa miguu. Ikija kushoto kwake hana onyo lolote, tairi nyembamba, sauti ya juu na ndogo, yote inaliwa na kivuli cha kichwa. Kwa hili sina dawa zaidi ya macho.

Sasa kwenye gari, maana anaendesha pia. Usukani uko kulia, sikio zima liko dirishani, bovu liko kwa abiria. Alinisimulia siku yuko kwenye makutano, taa ya kijani imewaka, akasikia king'ora, akaangalia kulia hakuna kitu, akaanza kuingia, ambulensi ikatokea kushoto ikipita kwenye nyekundu. Dereva wa ambulensi alikuwa ameshapunguza mwendo, ndiyo pona yake.

King'ora hata mwenye masikio mawili hukisikia kwa kuchelewa. Kikiwa na desibeli kama 120 ukiwa umesimama mita 3 mbele yake, kila umbali ukizidi mara mbili zinapungua desibeli 6 hivi, kwa hiyo mita 100 zimebaki kama 90 na hapo hakuna jengo katikati. Gari lililofungwa vioo linakata nyingine 20 hadi 30. Unabaki na 60 na ushee ndani, wakati kelele ya tairi na feni na redio nayo iko hapo hapo. Halafu sauti ikishaingia inagongana na vioo na paa, inakuwa kama inatoka kila mahali, hata mimi nikiwa ndani ya gari natafuta. Tofauti ni kwamba mimi najua sijui, yeye alikuwa "anajua" ni kulia.

Utaratibu tuliouweka ni huu. King'ora kikisikika, mguu utoke kwenye akseleta, redio izimwe, abaki kwenye njia yake bila kukanyaga breki ghafla wala kuhama. Kisha macho, kioo cha kati, kioo cha kushoto, cha kulia, halafu mbele na barabara zinazoingia, akianzia kushoto. Na aangalie watu: magari ya mbele yanajibana upande gani, taa za breki zinawaka wapi, watembea kwa miguu wamegeuza vichwa kuelekea wapi. Hao wote wana masikio mawili, na wanamwonyesha upande bila kujua. Kama yuko kabla ya makutano na hajakiona chombo, haingii, hata kijani, hata wa nyuma wakipiga honi. King'ora kinampa nafasi ambayo honi haimpi, kwa sababu kinaendelea kulia, akiwa amesimama anaweza kugeuza kichwa taratibu na kusikiliza wapi kinaongezeka, ila hiyo ni ya kuthibitisha tu, macho ndiyo yaamue.

Kufungua dirisha kunasaidia akiwa anakaribia makutano kwa mwendo mdogo, kwenye spidi upepo unapiga sikio zima moja kwa moja na anapoteza zaidi ya anachopata. Kioo cha kati akaweka kipana, na kwenye kioo cha kushoto akabandika kile kidogo cha duara, akizoea kwanza kwamba vitu mle vinaonekana mbali kuliko vilivyo. Vioo anavipitia kila sekunde 5 hadi 8, kuna sauti au hakuna. Kwenye kilomita 50 kwa saa hizo sekunde 8 ni zaidi ya mita 110, siyo kidogo.

Abiria ndio walikuwa kazi ngumu. Wanakaa upande uliokufa, wanaongea, hasikii, anageuza uso mzima kuwasoma midomo, na gari linakwenda. Utafiti mmoja wa Australia wa mwaka 2010 uliwaendesha wazee kwenye gari halisi, wenye upungufu wa kusikia wa wastani au zaidi walivurugika zaidi kuliko wenzao pale walipopewa kazi nyingine ya kufanya huku wanaendesha. Walikuwa wazee na si wa sikio moja, sitaki kuulazimisha utoshee hapa, ila mantiki ya akili inayotumika sana kusikiliza na kubaki na kidogo cha barabara nimeiona kwa wateja wangu wengi. Walikubaliana nyumbani: kwenye makutano na kuhama njia hakuna maongezi, na abiria akiona hatari ananyoosha mkono mbele pale anapouona dereva, hapigi kelele.

Watu wataniuliza kuhusu vifaa. Alipewa kile kinaitwa kros, kipaza sauti sikio bovu kinachorusha sauti kwenda sikio zima. Mikutanoni anakisifu sana. Barabarani kinamjulisha kwamba kuna kitu kushoto ambacho asingekisikia, baiskeli kwa mfano, lakini upande hakirudishi, sauti bado inaingilia mlango ule ule wa kulia, hivyo akivaa anatembea akijua ni kengele isiyo na upande. Kwenye gari anakizima, kinambebea kelele za kiyoyozi na abiria. Kipandikizi cha koklea kwa watu wa hali yake kinaweza kurudisha sehemu ya kujua upande, kwa wengine zaidi kwa wengine kidogo, ni upasuaji na mazoezi ya miezi, bado anafikiria. Simu nyingi siku hizi zinatambua king'ora na honi na kutetemesha saa mkononi, watengenezaji wenyewe wanaonya usizitegemee kwenye hatari, zinachelewa, na upande hazisemi pia.

Baada ya miezi kadhaa tulirudia jaribio la funguo. Kidole bado kinakwenda kulia mara nyingi, ingawa kushoto sasa anasita, anasema sauti "imefifia kidogo", ubongo umeanza kutofautisha rangi ya sauti iliyozunguka kichwa. Sijamwambia aanze kuutegemea huo mwanzo. Sehemu ambayo bado inampa shida ni maegesho, magari yanarudi nyuma kutoka pande zote kimya kimya, na pale anatembea katikati ya njia badala ya kupita mikiani mwa magari, akitazama taa nyeupe za kurudi nyuma, upande wa kushoto kwanza.